Kumsoma punda na ngamia kwa picha: nundu, mbavu na vidonda vya matandiko

Picha ya kwanza niliyotumiwa ilimwonyesha punda wa kijivu amesimama kando ya mkokoteni wa maji, viungani mwa mji wa Isiolo. Ilipigwa saa sita mchana. Mpigaji alisimama hatua mbili tu kutoka kichwani mwa punda, simu ameiinua juu. Chini yake aliandika: "Daktari, huyu punda siku hizi amekuwa mvivu. Ana shida gani?" Mimi si daktari, ni mhudumu wa afya ya mifugo, lakini wenye mikokoteni wametuzoea kwa jina hilo.

Katika picha ile kichwa kilionekana kikubwa kuliko kiwiliwili, tumbo lilikuwa duara, na hakuna ubavu hata mmoja ulioonekana. Angeulizwa mtu yeyote, angejibu kwamba punda ameshiba na hana neno. Nilimwomba kijana apige picha nyingine jioni, kwa namna nitakayoieleza hapa chini. Zilipofika, nilihesabu mbavu saba upande wa kushoto na nikaona vidonda viwili. Alikuwa punda yuleyule, siku ileile.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na upigaji wa picha kabla ya usomaji wake. Kisha nitapita kwenye nundu ya ngamia, mbavu na mgongo wa punda, na vidonda vya matandiko. Mambo haya matatu watu huyatenganisha, wakidhani lishe ni jambo moja na vidonda ni jingine. Mnyama akipungua mafuta na nyama, mifupa inainuka chini ya ngozi, na tandiko lililomkaa vizuri miezi mitatu iliyopita linaanza kumla. Ukikuta kidonda kipya kwenye vifaa vya zamani, angalia kwanza kama mnyama amekonda.

Picha za kuomba, na namna ya kuzipiga

Mwombe mwenye mnyama avue kila kitu: tandiko, magunia, kamba za kifuani, hatamu ikiwezekana. Watu wengi hawapendi kuvua, maana wanajua kilicho chini. Mweleze kwamba bila hivyo huwezi kusema lolote, na ushikilie hapohapo. Akishavua, apanguse vumbi kwa gunia kavu. Asimwoshe, na asimpige picha akiwa ametoka jasho, kwa kuwa manyoya yaliyolowa hujikusanya mafungu na kumfanya mnyama aonekane amekonda kuliko alivyo.

Mnyama asimame mahali tambarare, miguu yote minne ikiwa imekanyaga sawa. Punda ana tabia ya kupumzisha mguu mmoja wa nyuma, na akifanya hivyo nyonga ya upande huo hushuka. Ukiiona pichani unaweza kudhani ameumia.

Wakati mzuri ni saa mbili asubuhi au saa kumi jioni, jua likiwa limelala na mwanga unampiga mnyama kwa ubavuni. Mwanga wa namna hiyo hutia kivuli kila penye bonde, na mbavu zenyewe ni mabonde na matuta. Jua la saa sita linashuka moja kwa moja, linaangaza mgongo na kufuta ubavu wote. Siku ya mawingu mazito nayo hufuta. Picha ikiwa ya mchana au ya mawingu na mbavu hazionekani, usiandike "mbavu hazionekani". Andika "picha haionyeshi".

Mpigaji asimame hatua tano au sita kutoka kwa mnyama, avute picha karibu kwa mara mbili kwenye simu. Akimkaribia sana, lenzi ya simu inakuza kilicho mbele na kudogosha kilicho nyuma, ndipo unapopata kichwa kama pipa na makalio kama ya mbuzi. Simu iwe kwenye kimo cha katikati ya ubavu. Kwa punda hiyo maana yake ni kupiga goti. Kwa ngamia ni kusimama wima na kuishika simu usawa wa kifua au juu kidogo.

Ninaomba picha hizi: ubavu wa kushoto mzima, ubavu wa kulia mzima, nyuma moja kwa moja, na mgongo ukiangaliwa kwa juu kutokea nyuma kidogo ya bega. Hiyo ya mgongo kwa punda hupatikana kwa kupanda juu ya jiwe au kitako cha mkokoteni. Hiyo ya nyuma ipigwe kwa mbali, nje ya mguu unaoweza kurusha teke. Baada ya hizo nne, kila alama kwenye ngozi ipigwe peke yake kwa karibu, ikiwa na kiberiti kando yake. Kiberiti cha kawaida kina urefu wa karibu sentimita 5, na kila nyumba ina kimoja. Bila kitu cha kupimia, kidonda cha ukubwa wa kucha na cha ukubwa wa kiganja vinafanana kabisa.

Kama zinatumwa kwa WhatsApp, zitumwe kwa njia ya `Document`, vinginevyo hubanwa na rangi ya kidonda hupotea. Uliza pia siku na saa ya kupiga, na uliza mnyama alikunywa maji lini. Nitaeleza sababu ya swali hilo la maji mara tu tukifika kwa ngamia.

Nundu

Nundu ni ghala la mafuta. Maji hayamo humo. Ngamia anapokula chini ya mahitaji yake, mafuta ya nundu ndiyo yanayotumika, na nundu hupungua polepole kwa majuma na miezi. Kwa hiyo nundu inakusimulia msimu uliopita wote, na habari za leo asubuhi hazimo.

Anza na picha ya ubavu. Ngamia mwenye hali nzuri ana nundu iliyosimama, pana kwenye kitako, na inaungana na mgongo kwa mteremko mlaini, huoni inapoanzia. Akipungua, kitako cha nundu ndicho kinachobonyea kwanza. Unaona mfereji kati ya nundu na mgongo, kama kofia iliyowekwa juu ya meza. Akizidi kupungua, nundu inakuwa ndogo na ncha yake inainama. Mwisho kabisa hubaki mfuko wa ngozi ulioegemea ubavu mmoja, na juu ya mgongo unaziona pingili za uti wa mgongo zimepangana.

Sasa nenda kwenye picha ya nyuma, maana ya ubavu peke yake inadanganya. Nundu iliyoinama upande wa pili, usioelekea kamera, inaonekana fupi tu. Iliyoinama upande wa kamera inaonekana nene. Kwa nyuma unaona upana wa kitako na mwelekeo wa ncha kwa pamoja. Kuna ngamia ambaye nundu yake iliwahi kuanguka wakati wa kiangazi kikali, kisha ikajaa tena ikiwa imelala. Huyo nundu yake imeinama lakini ni nene na imejaa. Kinachohesabika ni ujazo, na mkao wa ncha uje baadaye.

Umri na kazi pia vinabadilisha nundu. Ndama na ngamia mchanga wana nundu ndogo hata wakiwa wamenona. Jike anayenyonyesha na kukamuliwa hupungua nundu, na hilo ni la kutarajiwa mpaka kiasi fulani. Ukimlinganisha na dume la mizigo utamwonea. Uliza jinsia, umri na kama anakamuliwa kabla ya kutamka lolote.

Hapa ndipo swali la maji linapoingia. Ngamia anaweza kukaa siku nyingi bila maji na kupoteza zaidi ya robo ya uzito wake, kisha akafika kisimani akanywa zaidi ya lita 100 kwa dakika chache. Niliwahi kupokea picha mbili za jike mmoja wa rangi ya mchanga, zilizopishana kwa saa tatu. Ya kwanza shimo la kiuno, lile bonde lililo nyuma ya ubavu wa mwisho na mbele ya nyonga, lilikuwa limedidimia kiasi cha kuweka ngumi. Ya pili lilikuwa limejaa na tumbo limeshuka. Mwenyewe aliniambia, "Huyu amepona." Niliziweka picha kando kwa kando na kuangalia nundu. Ilikuwa ileile, ndogo, yenye mfereji kitakoni. Jike yule alikuwa na kiu, na kiu ikaisha. Njaa ya miezi miwili bado ilikuwepo. Kwa hiyo shimo la kiuno ulisome kama habari ya leo, na nundu kama habari ya msimu. Vikipingana, kuhusu lishe iamini nundu.

Baada ya nundu, tazama mbavu za ngamia na shimo la kiuno kwa pamoja. Ngamia ana jozi 12 za mbavu. Kuona vivuli hafifu vya mbili tatu za nyuma si tatizo. Ukiweza kuzihesabu nyingi, na mabega yana kingo, na makalio yamebonyea pande zote mbili za mkia kwenye picha ya nyuma, basi nundu haidanganyi. Wataalamu huwapa ngamia alama kutoka 0 hadi 5, na mimi kwa picha natumia maneno matano tu: amekonda sana, amekonda, wastani, mzuri, mnene. Picha haina usahihi wa kuzidi hapo.

Kuna jambo moja ambalo halipaswi kumpita mtu. Ngamia ambaye malisho yapo, wenzake wamenona, lakini nundu yake inaisha mwezi hadi mwezi, anahitaji kupimwa damu. Ugonjwa unaoitwa sura, unaosababishwa na kimelea *Trypanosoma evansi* na kuenezwa na inzi wakubwa wanaouma, hukondesha ngamia kwa namna hiyohiyo. Hakuna picha itakayokuonyesha kimelea. Picha itakuonyesha tu kwamba nundu na malisho haviafikiani, na hilo linatosha kumwita daktari wa mifugo.

Mbavu na mgongo wa punda

Punda hana nundu, na mafuta yake hayatandai sawasawa kama ya ng'ombe. Huyaweka kwa mafungu: juu ya shingo, ubavuni, na kwenye makalio. Fungu la shingoni likishakuwa kubwa linaweza kukakamaa na kubaki hata punda akikonda baadaye. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Mtu anatazama shingo nene iliyoangukia upande mmoja na kusema punda amenona, kumbe mafuta yale ni ya miaka iliyopita.

Kwa sababu hiyo ninaanzia mgongoni. Kwenye picha ya juu, uti wa mgongo wa punda mwenye hali nzuri haujitokezi. Pande zake mbili zimejaa, na mstari wa katikati ni kama mfereji mdogo au umelingana na nyama. Punda aliyekonda, uti wa mgongo unapanda juu kama paa la nyumba, na nyama za pande zote mbili zimeshuka. Mstari mweusi unaopita mgongoni na kukatwa na mwingine mabegani, ule unaofanana na msalaba, ni rangi ya kuzaliwa. Usiusome kama kivuli cha mfupa, wala kama kovu.

Kisha nyonga. Kwenye picha ya nyuma, ncha za nyonga zikiwa na pembe kali na sehemu iliyo kati ya nyonga na mkia imebonyea, punda amepoteza nyama, si mafuta tu.

Mbavu ninazitazama mwisho, kwa kuwa manyoya marefu ya punda huzificha. Punda huwa na jozi 18. Ukiziona wazi nyingi kwa mbali, chini ya manyoya yale, hali ni mbaya kuliko inavyoonekana. Usipoziona, bado hujajua. Mwombe mwenyewe akupigie video fupi ya mkono wake ukipita ubavuni, na akueleze anachohisi kwa kulinganisha na mkono wake mwenyewe. Akunje ngumi na kupitisha kidole juu ya vifundo: mbavu zikihisiwa hivyo, amekonda. Anyooshe kiganja na kupapasa mgongo wa mkono, mifupa inahisiwa chini ya ngozi kwa kubonyeza kidogo: hiyo ndiyo hali nzuri. Ageuze kiganja na kubonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba, asihisi mfupa: punda amenenepa. Kipimo hiki kinafanya kazi kwa sababu kila mtu anao mkono wake, na hakuna neno la kubishania.

Tumbo lisikuchanganye. Tumbo kubwa kwa punda aliyekonda ni jambo la kawaida: majani makavu mengi yasiyo na nguvu, minyoo, au mimba. Tumbo limejaa na mgongo ni kama paa? Andika "amekonda".

Punda hupewa alama kutoka 1 hadi 5. Moja ni aliyedhoofika, tatu ni hali nzuri, tano ni mnene kupita kiasi. Kwa picha sitoi namba moja, natoa kati ya mbili: "kati ya moja na nusu na mbili". Na kwa mwenye punda mnene naongeza onyo: asimfungie chakula ghafla ili apungue. Punda mnene akikosa kula, mafuta humwagika kwenye damu kwa wingi na anaweza kufa kwa siku chache. Punda mnene aliyeacha kula aonwe na daktari siku hiyohiyo.

Vidonda: ramani ya vifaa

Sehemu hii ndiyo picha inaisema vizuri zaidi, kwa sababu kidonda cha matandiko hakitokei popote. Kila kifaa kina mahali pake pa kuuma, na ukijua mahali umejua kifaa.

Kilele cha mabega na juu ya uti wa mgongo huumwa na uzito unaokandamiza kutoka juu: tandiko lisilo na mto, au mipini ya mkokoteni inayomlemea mgongoni. Kifua na ncha za mabega huumwa na mkanda wa kuvutia, hasa ikiwa ni kamba ya nailoni badala ya mkanda mpana. Nyuma ya kiwiko huumwa na mkanda wa tumbo. Chini ya mkia huumwa na kamba inayozuia mzigo usiteleze mbele, na huko Lamu ambako punda hubeba mchanga na mawe kwenye shogi, mahali hapo ndipo ninapopatazama mapema, maana mwenye punda hapaoni asipoinua mkia. Nyuma ya mapaja huumwa na mkokoteni wenyewe unaomsukuma kwenye mteremko. Nira iliyotengenezewa maksai haimfai punda hata kidogo, kwa kuwa hana nundu ya bega ya kuisukuma kama ng'ombe, basi inamkata shingoni.

Ngamia wa mizigo huumia pande za mgongo na mbele ya nundu. Nundu ikipungua, tandiko linapoteza kitu cha kulishika, linaanza kuteleza na kusugua kwa kila hatua. Sugu nyeusi ngumu kifuani, magotini na viwikoni mwa ngamia ni za asili, ndizo anazolalia. Alama za moto nazo, za ukoo au za tiba ya kienyeji, hukaa kwa mistari iliyonyooka au duara zilizopangwa, mahali ambapo hakuna kifaa kinachogusa. Kidonda cha tandiko hakina mpangilio kama huo.

Ukishapata mahali, soma ngozi. Manyoya yaliyokatika na ngozi inayong'aa ni msuguano ulioanza. Mchubuko mwekundu wenye majimaji ni msuguano uliovuka. Kipande cheusi kikavu, kigumu kama ngozi ya kiatu, kilichozungukwa na ukingo wa wazi, ni tofauti na hivyo viwili: hapo ngozi imekufa kwa kubanwa, damu haikupita. Watu hukidharau kwa kuwa hakitoi damu. Chini yake kidonda kinaweza kuwa kirefu mara mbili ya kinavyoonekana. Na uvimbe juu ya kilele cha mabega, hata bila kidonda, ni wa kupelekwa kwa daktari bila kungoja utumbuke.

Manyoya meupe kwenye mnyama wa rangi nyingine ni kumbukumbu ya vidonda vilivyopona. Ngozi ilipoumizwa, nywele zilirudi bila rangi. Mimi hutazama manyoya meupe kabla ya vidonda vyenyewe. Kidonda kipya kikiwa juu ya kiraka cheupe, tatizo ni la miaka, na kifaa hakijawahi kurekebishwa. Kidonda kikiwa mahali pasipo na weupe wowote, kuna kitu kimebadilika karibuni: mkanda mpya, dereva mpya, mzigo mpya, au mnyama amekonda.

Rangi ndiyo hatari kubwa ya kusoma vidonda kwa picha. Dawa ya zambarau na ile ya bluu ya kupuliza hufunika kila kitu, na oili chafu ya injini, ambayo watu wengi hupaka, hufanya kidonda kibichi kionekane kikavu. Kwa hiyo omba kioshwe kwanza. Chemsha lita 1 ya maji, tia vijiko viwili vidogo vya chumvi, iache ipoe, mwagia kidonda mpaka uchafu utoke, kisha picha ipigwe. Oili isipakwe tena. Inaunguza nyama inayojaribu kujifunga.

Kuna vitu ambavyo picha haitakupa kabisa: harufu, joto, na kina. Uliza kama kinanuka, kama kuna usaha, kama mnyama anakwepa akiguswa kando yake. Uliza pia kuhusu chanjo. Punda hushikwa na pepopunda kwa wepesi sana, ugonjwa ukachukua hata jina lake, na kidonda kirefu chenye uchafu ni mlango wake. Ukiambiwa kwamba miguu imekakamaa, masikio yamesimama wima na taya haifunguki, acha kuangalia picha na umtafute daktari.

Punda wa kijivu wa Isiolo

Turudi kwa kijana wa mkokoteni wa maji. Alinieleza kwamba ni jike, ana kama miaka minane, hana mimba anavyojua, na anavuta madumu 10 ya lita 20 mara nne kwa siku. Madumu hayo peke yake ni kilo 200 kwa kila safari, mkokoteni haujahesabiwa.

Picha ya mgongo: uti umepanda, paa lakini si kali sana. Picha ya nyuma: nyonga zina pembe, makalio yamebonyea kidogo. Ubavu wa kushoto: mbavu saba kwenye mwanga wa jioni. Shingo: nene, imeangukia kulia. Kijana alishikilia shingo hiyo. "Lakini ona mafuta yake, daktari." Nikamwomba aibonyeze. Akasema ni ngumu kama ubao. Ya zamani, basi. Tumbo duara. Niliandika: kati ya moja na nusu na mbili.

Kidonda cha kwanza kilikuwa kwenye kilele cha mabega, chekundu, kimelingana na kiberiti kwa urefu, na kimezungukwa na manyoya meupe. Cha pili kilikuwa kwenye ncha ya bega la kulia, mchubuko mpya usiofika nusu ya kiberiti, bila weupe wowote. Bega la kushoto lilikuwa safi.

Hapo mnyama alikuwa amekwisha kusomeka. Kilichobaki ni mkokoteni, kwa hiyo niliomba picha mbili zaidi: mkokoteni uliopakiwa ukiwa ubavuni, na kamba za kuvutia zikiwa zimenyooshwa chini kwa kando. Madumu sita yalikuwa mbele ya ekseli na manne nyuma. Uzito wa mbele ulikuwa ukishuka kwenye mipini, na mipini ikashuka kwenye mabega ya punda. Weupe ulionyesha kwamba upakiaji huo ni wa siku nyingi, ila sasa mfupa umeinuka na ngozi imepasuka. Kamba ya kulia ilikuwa fupi kuliko ya kushoto kwa upana wa vidole vinne. Ilikatika, kijana akasema, akaifunga fundo majuma mawili nyuma. Tangu siku hiyo bega la kulia lilikuwa linavuta karibu mzigo wote peke yake.

Nilimwambia mambo manne. Punda apumzike mpaka vidonda vifunge, na wakati huo vioshwe kwa maji ya chumvi mara moja kwa siku. Akirudi kazini, madumu yapangwe hivi kwamba mtu mmoja aweze kuinua mipini kwa mkono mmoja, mkokoteni usimame katikati bila kuanguka mbele wala nyuma. Kamba zipimwe pamoja na kubadilishwa zote mbili, na mbele ziwe na mkanda mpana uliotandikwa kitambaa cha pamba. Na tandiko lisitobolewe tundu mahali pa kidonda, jambo ambalo alikuwa amekusudia kulifanya. Tundu hukandamiza ukingo wa kidonda pande zote na kuzuia damu. Alitakiwa kushona mito miwili mirefu, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, ili katikati pabaki wazi pasiguswe na kitu.

Kupumzika ndiko kulikokuwa kugumu, na sikumlaumu. Chakula cha nyumba yao kilitoka kwenye madumu yale. Alikubaliana na jirani yake akodi punda wa pili, na mapato wagawane. Nilimwomba pia amwone daktari wa mifugo wa kaunti kwa ajili ya dawa ya minyoo na chanjo ya pepopunda, kwa kuwa hayo siwezi kuyafanya kwa simu.

Nilimwambia asinitumie picha kila siku. Kidonda cha jana na cha leo hufanana, na mtu hukata tamaa. Alituma baada ya majuma matano, saa kumi jioni, mahali palepale, akiwa amepiga goti. Mbavu niliziona nne. Uti bado ulikuwa juu, ingawa pande zake zilikuwa zimeanza kujaa. Bega la kulia lilikuwa limeota manyoya ya rangi yake. Kwenye kilele cha mabega palibaki mstari mwembamba wa waridi usiofika upana wa kucha, na kijana alikuwa ameweka kiberiti kando yake bila kuambiwa. Nilimjibu: bado wiki mbili, mstari huo ukifunga ndipo avae.